Jimu ya mjini au mazoezi ya uani? Naishi Kange, kazi niko Chumbageni

Mtoto wa Kange

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kupima jambo hili kabla sijatoa hela.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale Chumbageni, natoka saa 11 jioni. Nimepanga Kange, vyumba viwili, uani kuna nafasi ya kutosha na mwenye nyumba ni mtu mwelewa. Nina miaka 36, uzito kilo 82, tumbo limeanza kuvuka mkanda na nikipanda ngazi za ghorofa mbili nafika juu nahema. Sitaki mashindano. Nataka nguvu, mgongo usinilaze kila nikikaa sana kwenye kiti, na tumbo lipungue.

Jimu niliyoiangalia iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini. Wanataka 50,000 kwa mwezi, au 4,000 ukilipa kila unapoingia. Nikimaliza mapema narudi na daladala kwa nauli yangu ya kila siku. Nikichelewa mpaka saa moja na nusu usiku, gari za Kange ni za kusubiri, inabidi nichukue bodaboda 2,500.

Upande wa pili kuna jamaa yuko Dar anauza benchi na seti ya dambeli, jumla 380,000 pamoja na kusafirisha. Hela ninayo, nimetenga laki nne. Swali langu: nimalizane na vyuma vyangu nyumbani au niingie jimu?

---

Chuma cha Ngamiani

Mkuu usipoteze hela, wala jimu wala dambeli. Mwili wako mwenyewe ndio chuma. Sisi huku Ngamiani tumepiga tizi miaka yote bila kulipa mtu. Pushapu 100 kila asubuhi, kunyanyua tumbo mara 200, miezi miwili tumbo limekwisha na kifua kimetoka. Wanaokwenda jimu wengi wanakwenda kupiga picha.

---

Mfanyabiashara Mdogo

Mleta mada wazo zuri, ila kwa Tanga nakushauri ufungue upande wa Kange kwa sababu stendi iko huko na watu wanaongezeka. Laki nne haitoshi hata benchi mbili za maana na kodi ya fremu. Tafuta kwanza eneo lenye umeme wa uhakika, halafu anza na mashine chache. Leseni uliza manispaa.

---

Mtoto wa Kange

@Mfanyabiashara Mdogo asante kaka, lakini sifungui jimu. Nataka kufanya mazoezi mwenyewe tu.

---

Mwalimu wa Viungo

Ndugu yangu wa Kange, nimefundisha mazoezi ya viungo shuleni miaka mingi na nimesimamia vijana wa kunyanyua vyuma, kwa hiyo nitakujibu kwa mapana kidogo. Nitaanza na hela, maana ndiyo uliyoiweka mbele.

Chukua hiyo 50,000 uigawe kwa 4,000. Unapata kumi na mbili na nusu. Maana yake malipo ya mwezi yanakuwa nafuu kuanzia mara ya kumi na tatu uliyoingia ndani ya mwezi huo. Mtu anayefanya mara tatu kwa wiki bila kukosa hata siku moja anafika hapo hapo kwenye kumi na tatu. Akipata mgeni, mvua, msiba, au mzigo bandarini ukakwama na bosi akambakiza ofisini, keshaangukia upande wa hasara. Kwa bei hizo, anayeanza hana sababu ya kulipa mwezi mzima. Alipe kila anapoingia.

Sasa ongeza hiyo bodaboda. Ukienda mara tano tu kwa mwezi uliolipia, na kila mara ukarudi kwa bodaboda, umetumia 62,500. Kila zoezi limekugharimu 12,500. Ungelipa kwa siku, mara tano hizo hizo zingekuwa 32,500 na usafiri ndani yake.

Hili si la Tanga peke yake. Wachumi wawili wanaofundisha Marekani, DellaVigna na Malmendier, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kumbukumbu za wanachama wa jimu tatu. Waliojiunga kwa malipo ya mwezi, zaidi ya dola 70, walikuwa wanakwenda wastani wa mara nne na kidogo kwa mwezi. Kila mara ikawa imewagharimu zaidi ya dola 17, na jimu hizo hizo zilikuwa na tiketi ya kuingia mara kumi, ambayo kila kuingia ni dola 10. Watu wanapojiandikisha wanahesabu siku wanazotamani kwenda, halafu wanakwenda siku wanazoweza.

Kuhusu vyuma vya huyo jamaa wa Dar, nitarudi. Kwanza niambie uani kwako kuna kitu gani cha kuning'inia? Mti, boriti, bomba, chochote.

---

Binti Raskazone

Shikamoo Mwalimu. Hesabu yako nimeielewa lakini kuna kitu umekiacha. Hela niliyokwisha kulipa ndiyo inayoniamsha. Nikilipa kwa siku, kila siku naanza upya kujiuliza niende au nisiende, na jibu rahisi ni kutokwenda. Nikishalipa mwezi, najisikia vibaya kukaa nyumbani wakati hela yangu iko kule. Kwa hiyo kwangu mimi ile 50,000 inanunua pia kutobishana na nafsi yangu.

La pili, kaka wa Kange, nenda kaangalie jimu hiyo saa ile ile utakayokuwa unakwenda. Usiende saa nne asubuhi ukakuta kuna nafasi ukafurahi. Kuanzia saa 11 jioni mpaka saa moja ndipo kila mtu katoka kazini. Ninapokwenda mimi kuna benchi mbili na watu wanazingojea. Unapiga seti moja, unasubiri watu wanne, mwili umeshapoa. Zoezi la dakika 40 linakuwa saa moja na nusu, ndiyo maana unakosa daladala.

Na kwa dada zangu wanaosoma hapa, mimi nimebaki jimu kwa sababu moja tu. Wana saa za wanawake asubuhi, mlango unafungwa, mtu anavua hijabu yake anafanya kwa raha. Nyumba tuliyopanga ina wapangaji watano na uani ni njia ya kwenda chooni. Nitapiga skwati wapi mimi pale?

---

Mwalimu wa Viungo

Marahaba binti yangu. Ulichosema cha kwanza kina ukweli. Kwa baadhi ya watu hela iliyolipwa inasukuma kweli, hasa wiki za mwanzo karibu na siku waliyolipa. Nilichokiona kwa wengi ni kwamba msukumo huo unapungua kadiri siku ya malipo inavyosahaulika. Kama kwako haupungui, basi wewe lipa mwezi.

La uani sina ubishi nalo. Mwenye mahali pa faragha na asiye napo hawafanyi uamuzi mmoja.

---

Mtoto wa Kange

Mwalimu shikamoo. Uani hakuna mti wa maana, kuna mpapai tu. Boriti za baraza ni mbao nyembamba, siziamini. Kwani kuning'inia ni lazima? @Chuma cha Ngamiani amesema pushapu zinatosha.

---

Mwalimu wa Viungo

Marahaba. Huyo ndugu wa Ngamiani amesema kweli nusu. Kweli yake ni kwamba nguvu na misuli vinajengwa nyumbani bila mashine. Tafiti za kulinganisha uzito mwepesi na mzito zinaonyesha misuli inakua kwa kiasi kinachokaribiana, mradi seti unaipeleka karibu na pale unaposhindwa, pabaki marudio mawili matatu tu. Uzito mkubwa unashinda kwenye jambo moja, kumfanya mtu aweze kunyanyua kitu kizito mara moja. Wewe hulihitaji hilo.

Kosa lake ni kuhesabu pushapu 100 kila siku. Ukipiga pushapu ya kawaida, mikono yako inabeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Kwa kilo zako 82, ni kilo 52 na kitu. Leo ni nzito kwako, utafika nane au kumi na kuishiwa. Miezi mitatu ijayo utapiga 30 na unazungumza, na kuanzia hapo unajenga pumzi ya mikono zaidi kuliko nguvu. Dawa si kuongeza idadi, ni kubadilisha ugumu. Weka miguu juu ya meza fupi ya kimo cha sentimita 60, mikono inabeba karibu asilimia 74, yaani kilo 60 na ushee. Na kama leo hata kumi za chini hufiki, fanya kinyume. Weka mikono juu ya meza hiyo hiyo, mzigo unashuka kwenye asilimia 41. Umepata ngazi tatu bila kununua chochote.

Kunyanyua tumbo mara 200 kunaimarisha misuli ya tumbo. Mafuta yaliyo juu yake hayaondoki kwa zoezi la mahali pale. Yanapungua mwili mzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye sahani ya ugali na chai ya sukari.

Sasa kuning'inia. Mazoezi mengi ya nyumbani yanasukuma: pushapu, kunyanyua kitu juu ya kichwa. Kuvuta kunakosekana, kwa sababu sakafu haivutiki. Mtu anapiga kifua mwaka mzima, mabega yanakwenda mbele, na wewe tayari unakaa umeinamia kompyuta siku nzima. Mgongo wako ndio umeulalamikia, na mgongo unajengwa kwa kuvuta. Kwa hiyo mwenye kufanyia nyumbani ajiulize kwanza atavuta nini, kabla hajauliza bei ya dambeli.

---

Chuma cha Ngamiani

Mwalimu heshima kwako, la kubadilisha ugumu nimekubali. Lakini la tumbo sikubaliani, mimi mwenyewe lilipungua kwa kunyanyua tumbo na sikubadilisha chakula.

---

Fundi Mageti

Wakuu mimi nachomelea hapa mjini na hizi nguzo za kuning'inia nimetengeneza nyingi, niwape vipimo.

Nguzo mbili tumia bomba la maji la chuma, lile lenye zinki, inchi mbili. Bomba moja lina futi 20, unalikata katikati unapata vipande viwili vya kama mita tatu. Sentimita 60 zinaingia ardhini kwenye zege, juu zinabaki mita mbili na nusu kasoro kidogo. Bomba la juu la kushika usiweke nene. Inchi moja inatosha, kwa nje linakuja kama milimita 33 na vidole vinazunguka vizuri. Watu wanaletewa inchi mbili juu, mkono haufungi, wanasema wao dhaifu kumbe bomba nene. Urefu wa hilo la juu mita moja na robo.

Usikubali fundi akufungie kwenye ukuta wa tofali za saruji kwa boliti za kupanua. Siku ya kwanza inakaa. Ukijivuta kwa kurusha mwili, boliti inachezacheza na tofali linasagika kwa ndani. Dalili ni vumbi la saruji chini ya boliti asubuhi. Ukiliona, usining'inie tena.

Kutu ndiyo adui mkubwa kwetu hapa, hewa ya bahari haina huruma. Mahali pa kwanza kuoza ni pale nilipochomelea, maana moto umeunguza zinki. Lazima pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka pang'ae, pakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili ndipo rangi ya kawaida ifuate. Fundi akikupaka rangi ya juu juu ili ipendeze, msimu mmoja wa mvua utaona maji ya kahawia yanachuruzika kwenye maungio. Kwangu kazi nzima, na kuchimbia, huwa kati ya 150,000 na 180,000 kutegemea bei ya bomba wiki hiyo.

Na hizo dambeli za Dar, kama ni chuma kitupu kilichopakwa rangi, ukiziacha sakafuni kwenye stoo yenye unyevu zitabanduka. Nimeletewa nyingi kuzisugua.

---

Mama Makorora

Naomba na mimi mnisaidie wanangu. Nina miaka 57, nina sukari, natumia vidonge. Daktari ameniambia nifanye mazoezi, binti yangu anataka anilipie jimu. Naona haya kwenda kuchanganyika na vijana. Nikitembea tu jioni inatosha?

---

Mwalimu wa Viungo

Dada yangu, kutembea kunatosha kuanzia na ni zoezi kamili. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinakufikisha hapo. Wanaongeza na siku mbili za kuimarisha misuli. Hiyo unaifanya kwa kiti cha kulia chakula kilichoegemezwa ukutani: kaa, simama bila kushika, kaa polepole. Rudia mpaka mapaja yachoke, pumzika, rudia tena.

Mambo mawili uyashike. Baadhi ya vidonge vya sukari vikijumlishwa na mazoezi vinaweza kuishusha sana, kwa hiyo uliza kliniki kama vyako ni vya aina hiyo, na utembee na pipi au sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, simama uile. La pili ni viatu. Usitembee na kandambili, na ukirudi angalia nyayo kama kuna lengelenge.

Hela ya binti yako mwambie akununulie viatu.

---

Dereva wa Baiskeli

Mbona hakuna aliyetaja baiskeli na tuko Tanga? Kaka wa Kange, mji wetu ni tambarare, watu wengi wanakwenda kazini kwa baiskeli. Ukiendesha kwenda na kurudi, zoezi la pumzi umelimaliza njiani, nauli umeokoa, na jimu ukichelewa huna haja ya bodaboda. Ile hesabu ya 2,500 inafutika. Nunua mtumba nzuri, weka taa mbele na nyuma, vaa kitu cha kung'aa. Malori ya barabara ya Pongwe usiku yasikuone kwa kubahatisha.

Mimi natokea Pongwe kila siku na pumzi ninayo. Nguvu za mikono sina, hilo nakubali, ndiyo maana nafuatilia uzi huu.

---

Mtoto wa Kange

Baiskeli sikuwa nimeifikiria kabisa. Kikwazo ni kwamba ofisini hakuna pa kuoga, na Januari nitafika shati limelowa. Kurudi jioni ndiyo ingewezekana, ila asubuhi ndiyo tatizo. Nitaangalia.

Mwalimu, niseme nimeweka bomba la fundi. Miguu je? Na ule uzito wa kuongeza bila dambeli?

---

Mwalimu wa Viungo

Chukua dumu la maji la lita 20. Watu wanalidharau, lakini lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza mzigo kwa kilo moja moja kwa kutumia kikombe cha kupimia, na kwenye jimu nyingi chuma kidogo kabisa ni kilo mbili na nusu kila upande. Anza na lita 10. Weka goti na mkono mmoja juu ya benchi, mgongo ulale kama meza, vuta dumu mpaka kiwiko kipite mbavu, lishushe polepole. Ukifika marudio 15 kwa urahisi katika seti zote tatu, ongeza lita moja.

Kuna kero mbili. Dumu lisilojaa maji yanacheza ndani na linakuyumbisha, kwa hiyo vuta kwa utulivu bila kurusha. Pili, mpini wa plastiki unakata vidole, uzungushie kipande cha kanga kuukuu ukifunge kwa mpira wa tyubu. Maji yakijaa na bado ni jepesi, mwaga uweke mchanga mkavu. Dumu hilo hilo linakwenda kilo 30 na zaidi. Usichote mchanga wa ufukweni ukiwa na unyevu, utaoza na kunuka ndani.

Kwa miguu, skwati za kawaida utazizoea upesi. Hamia mguu mmoja mmoja. Mguu wa nyuma uweke juu ya kigoda, wa mbele ndio ubebe, shuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu. Hapo dumu moja mkononi ni mzigo wa kutosha kwa miezi mingi. Goti la mbele likianza kuuma kwa ndani, angalia kama linaangukia upande wa dole gumba. Lisukume lifuate vidole vya katikati.

Nikipanga mimi ningeweka siku tatu kwa wiki zenye mambo manne tu: pushapu ya ngazi unayoiweza, kuvuta, mguu mmoja, na kujishikilia kwa viwiko ukiwa umelala kifudifudi mwili umenyooka. Seti tatu kila moja. Dakika 35, pamoja na kupasha mwili.

Na kujivuta kwenye bomba, kwa kilo 82 labda hutaweza hata moja mwanzoni. Panda kwa kigoda mpaka kidevu kiwe juu ya bomba, halafu jishushe kwa kuhesabu mpaka tano. Hizo za kujishusha ndizo zitakazokuleta kwenye ya kwanza ya kweli.

---

Baba Wawili

Mimi niseme la upande wa pili. Nilikuwa na vyote hivyo nyumbani: bomba, dambeli, mkeka. Uani petu pazuri. Lakini mtu akifika nyumbani kutoka kazini, mtoto anataka abebwe, mama watoto anauliza hela ya luku, jirani kaja na habari za kikundi cha kuzika. Ukisema ngoja nifanye mazoezi kwanza unaonekana mtu wa ajabu. Nimehamia jimu iliyo njiani, kabla sijafika nyumbani. Nikishavuka geti la nyumbani, siku imekwisha.

Vifaa haviniondoi kwenye kiti. Ninachohitaji ni mahali ambapo hakuna anayeniita.

---

Binti Raskazone

@Baba Wawili hapo umesema. Na ndiyo maana kaka wa Kange ana bahati, jimu yake iko njiani kati ya ofisi na nyumbani. Ingekuwa mtu yuko Kange na anafanya kazi Kange, kupanda gari kuja mjini kwa ajili ya jimu ningemwambia aache. Safari ya peke yake ndiyo ya kwanza kuahirishwa.

Mwalimu, nikuulize lingine. Anayeanza si afadhali aende jimu japo miezi miwili afundishwe namna ya kushika na kusimama, ndipo arudi nyumbani?

---

Mwalimu wa Viungo

Kama mwalimu wa pale anafundisha kweli, ndiyo, na ni hela iliyokwenda mahali pake. Ila jaribu kwanza. Lipa siku moja, mwambie ndio unaanza, uone anafanya nini. Akikuuliza kama una maumivu ya mgongo au presha, akakutazama seti nzima na kukurekebisha mahali pamoja pawili, huyo ni mwalimu. Akikuonyesha mashine na kurudi kwenye simu yake, utajifunza zaidi kwa kuegemeza simu yako ukutani na kujirekodi kutoka ubavuni.

Kwa Baba Wawili sina la kumpinga. Kwa aliye peke yake ningesema saa 11 alfajiri baada ya sala, kabla jua halijawaka na kabla hajaitwa na mtu. Mwenye watoto wadogo, hata hiyo alfajiri si yake.

Kipimo changu ni daftari. Andika tarehe, zoezi, lita za dumu na marudio. Baada ya wiki sita lifungue. Tarehe zikiwa zimefuatana lakini namba zimesimama wiki tatu nzima, mahali pako ni pazuri, ila mzigo au mpango ubadilishwe. Namba zikiwa zinapanda lakini kati yake kuna mapengo ya wiki nzima, mpango hauna tatizo, saa au mahali ndipo hapakufai. Watu wengi wanachanganya haya mawili. Wanaokosa siku wananunua vifaa vipya, na waliokwama kwenye uzito wanahama jimu.

---

Chuma cha Ngamiani

Hilo la daftari nitalijaribu mwenyewe. La tumbo bado.

---

Mtoto wa Kange

Nimewasoma wote, nimepata njia.

Vyuma vya Dar nimemwambia jamaa sivichukui. Wiki hii naanza jimu kwa malipo ya siku, Jumatatu na Jumatano, nitoke kabla ya saa kumi na mbili na nusu ili niwahi daladala. Nikikuta foleni ya benchi kama alivyosema dada wa Raskazone, nafanya kuvuta na miguu kisha naondoka, pushapu nitapigia nyumbani. Jumamosi ni dumu uani. Mwenye nyumba amekubali nguzo zichimbiwe, sharti lake zisiwe upande wa kamba za kuanikia nguo. Ramadhani sijui nitafanyaje na ratiba hii, nadhani uani ndio utanisaidia baada ya tarawehe, mwenye uzoefu aniambie.

Fundi, una nafasi Jumapili? Na ukishachimbia naweza kuanza siku hiyo hiyo?

---

Fundi Mageti

Jumapili nakuja mapema na bomba nimekwisha kulikata, wewe andaa saruji mfuko mmoja, kokoto na mchanga. Mashimo tunachimba sentimita 60, na ardhi ya Kange ikiwa laini tunashuka zaidi kidogo.

Kuanza siku hiyo hapana. Zege limwagiwe maji asubuhi na jioni, usilitikise hata kwa kujaribu, na waambie watoto wa wapangaji wasining'inie. Siku saba zikitimia unaweza kujishusha polepole kama Mwalimu alivyosema. Zile za kurusha mwili ngoja mwezi uishe.

Nitumie kwenye ujumbe binafsi kimo chako na cha mkono ulioinuliwa juu, ili nijue bomba la juu niliweke wapi.